Barua kwa mwanangu: kwa nini nililiondoa na jina lako

Mwanangu mpenzi,

Barua yako ilinifikia Jumanne, na nimeisoma mpaka mikunjo yake imeanza kuchanika. Unasema watu watatu walikuja kukuona, watu wazima wenye heshima zao, wakakuwekea mezani karatasi ya kutia saini. Wanataka udai kwamba hati niliyoipiga muhuri miaka 11 iliyopita ni batili kwa upande wako, kwa kuwa ulikuwa na miaka 7 na hakuna aliyekuuliza. Halafu chini kabisa, peke yake, ukaandika: "Mama, kiti chako kilikuwa chako kukitoa. Changu ulikitoa kwa nini?"

Swali hilo nimelingoja tangu siku ile. Nisingeweza kulijibu barazani, na nisingeweza kulijibu kwa barua ungali mtoto, maana barua zako zilikuwa zikisomwa na wengine kabla yako. Sasa umefika miaka 18. Nitakueleza yote.

Sababu za kunitoa mimi unazijua, na wengine wamekwisha kuzieleza kwa namna zao. Sitazirudia. Jambo ambalo hujaambiwa ni kwamba hati ya kwanza waliyoniletea haikuwa ile niliyoisaini. Ya kwanza ilikuwa nzuri kwa macho: mimi naachia ufalme, wewe unakuwa malkia, na mjomba wako anashika madaraka kwa niaba yako mpaka utimize umri. Wapo barazani waliolia kwa furaha. Waliona damu ya nyumba yetu inabaki kwenye kiti, na vita vya ndani vimeepukwa. Wale walikuwa na nia njema, na ndio wale wale walioniita muuza mwana baadaye.

Babu yako alinifundisha jinsi ya kusoma hati ya namna ile. Alisema mtoto anapowekwa kwenye kiti, uliza maswali matatu tu. Nani anashika muhuri? Nani anamlea mtoto, yaani anajua analala wapi na anakula nini? Na nani anarithi mtoto huyo akifa? Ukipata majina matatu tofauti, mtoto ana ulinzi, kwa sababu mlezi hana faida yoyote katika kifo chake, na mwenye muhuri anapoteza muhuri siku mtoto anapozikwa. Majina mawili yakiwa sawa, kaa macho. Nilisoma ile hati mara tatu usiku ule. Jina lilikuwa moja. Mjomba wako ndiye mwenye muhuri, ndiye mlezi, na ndiye aliyefuata kwenye kiti baada yako.

Sisemi kwamba mjomba wako alitaka kukudhuru. Sina ushahidi, na sitamsingizia ndugu yangu wa tumbo moja kwa jambo kubwa kama hilo. Nasema fisi hapewi bucha alinde, hata kama fisi mwenyewe ameapa na kiapo chake ni cha kweli. Kiapo ni cha leo, na bucha litakuwepo kila siku kwa miaka 11.

Nikaomba kifungu kimoja kibadilishwe: ulelewe na upande wa marehemu baba yako, watu wasio na haki yoyote kwenye kiti. Hati ikarudi ikiwa imeandikwa upya, safi, bila kifungu changu. Nikakiandika tena pembeni kwa mkono wangu. Ikarudi safi tena. Hakuna aliyenikatalia, wala hakuna aliyebishana nami. Ukimya ule ulinitisha kuliko tusi.

Wiki hiyo hiyo daktari aliyekutibu tangu kuzaliwa alipewa likizo ambayo hakuiomba, na ukaletewa yaya mgeni kumsaidia yaya wako. Sijui kama unakumbuka. Ulikuwa na jino la mbele linalotikisika, ukilisukuma kwa ulimi kutwa nzima. Uliingia chumbani kwangu usiku, ukapanda kitandani, ukaniambia, "Mama, yule mpya ananiuliza kama huwa naumwa mara kwa mara." Kisha ukalala. Mimi sikulala.

Mpaka asubuhi nilikuwa nimemkumbuka Mary, malkia wa Waskoti, ambaye habari zake nilizisoma nikiwa na umri wako. Mwaka 1567 alifungiwa katika ngome ya Lochleven, kisiwani katikati ya ziwa, akalazimishwa kutia saini hati ya kumwachia mwanawe James ufalme. Mtoto alikuwa na miezi 13. Siku tano baadaye wakamtawaza. Walitawala watu wanne kwa zamu kwa jina lake: wa kwanza alipigwa risasi, wa pili akauawa mwaka uliofuata, wa tatu akafa baada ya mwaka mmoja na kidogo, wa nne alikatwa kichwa mwaka 1581. Na mwaka uliofuata, James akiwa na miaka 16, mabwana wakubwa wa nchi walimteka wakamshikilia kwa miezi, kwa sababu aliyemshika mfalme ndiye aliyeshika nchi. Mama yake hakumwona tena tangu alipokuwa mchanga.

Lakini kisa cha Mary kilichonikaa moyoni ni kile cha baadaye. Alipotoroka ngomeni mwaka 1568 alitangaza kwamba saini yake haina nguvu kwa kuwa alishurutishwa. Alisema kweli tupu, na kweli hiyo haikumpa kiti. Ilimwacha akiwa mdai, na mdai ni mtu ambaye kila mwenye njama anahitaji jina lake. Alikimbilia Uingereza akitafuta msaada, akawekwa chini ya ulinzi takriban miaka 19, akakatwa kichwa mwaka 1587.

Sasa utaelewa kwa nini sikusema kitu. Kuachia kiti kuna nguvu pale tu unapofanya kwa hiari. Barazani jaji mkuu huuliza mbele ya mashahidi wote, "Je, unafanya haya kwa hiari yako, bila kushurutishwa na mtu?" Jibu linaandikwa neno kwa neno. Kama ningesema, "Nafanya kwa kuwa namwogopea mwanangu," hati ingekufa palepale. Ingekuwa kazi ya hofu, na kazi ya hofu hutenguliwa. Wewe ungebaki mrithi, na yule niliyemtilia shaka angejua kwamba najua. Sababu yangu ya kweli ndiyo iliyokuwa kitu pekee ambacho kingeweza kuiharibu kazi yenyewe. Kwa hiyo nilichagua hati ya pili, nikaiandika mimi mwenyewe: naachia kiti, na naondoa jina la binti yangu katika urithi, kwa hiari. Nilimpa mjomba wako mchana kweupe kile ambacho angekingoja kupitia kwako.

Alikitaka, na alikitaka kisafi, maana serikali za nje zisingemtambua kama ningelia au kusitasita. Hapo ndipo nilipopata nguvu ya kujadiliana. Nilimwambia nitatamka maneno yote anayoyataka na sura yangu itakuwa tulivu, lakini wewe uvuke mpaka kwanza. Sikutaka kukuokoa kwa karatasi peke yake. Mwaka 1917 mfalme wa Urusi aliachia kiti akamwondoa na mwanawe mgonjwa, mtoto wa miaka 12, lakini familia ikabaki mikononi mwa wanamapinduzi, na mwaka 1918 waliuawa wote, mtoto na dada zake. Hati haimkingi mtu ambaye bado yumo ndani ya uzio.

Siku yenyewe ulikuwa umeondoka alfajiri kwa treni na yaya wako wa zamani. Tulikubaliana kwamba mkivuka salama atapiga simu na kusema, "Jino limeng'oka." Baraza liliitwa saa sita mchana. Nilikaa mbele yao kwa muda wa karibu saa mbili nikijifanya nasoma vifungu. Karani aliyeyusha lakiri ikaganda, akaiyeyusha tena, ikaganda tena, na nikaona tone jekundu limemdondokea kidoleni naye kwa adabu hakulifuta. Watu wakaanza kukohoa. Saa nane kasoro dakika kumi mlinzi aliinama akaninong'oneza yale maneno mawili. Nikapiga muhuri.

Jaji akauliza. Nikajibu, "Kwa hiari yangu." Bibi mmoja wa barazani, aliyenishika mkono siku ya harusi yangu, alinigeuzia mgongo. Sijamlaumu hata siku moja.

Kuna moja bado linaniuma. Sharti la mwisho lilikuwa kwamba mimi na wewe tusikae nchi moja mpaka utimize miaka 18, ili tusije tukawa baraza la uhamishoni lenye malkia wawili. Nilikubali kwa haraka, nikihofia wasibadili mawazo. Ningeweza kubishana. Pengine ningepata likizo za shule, au wiki mbili tu kwa mwaka. Sikujaribu. Hilo ni kosa langu, na nimelilipa kwa kukuona ukikua kwenye picha.

Sasa turudi kwa wale watu watatu. Kisheria hawasemi upuuzi. Kama mzazi anaweza kuondoa haki ya mtoto asiyefikia umri ni jambo ambalo wanasheria wamebishania kwa muda mrefu, na wewe ukidai leo, madai yako yatakuwa na miguu. Lakini waulize maswali ya babu yako, kwa namna inayokufaa sasa. Ukitia saini, nani atashika karatasi hiyo? Utalala wapi kuanzia usiku huo, na nani atalinda mlango? Nao wenyewe watapata nini ukishinda, na watapata nini usipokuwepo? Wakikujibu kwa jina moja katika yote, au wakicheka, au wakikuambia hayo yatapangwa baadaye, utakuwa umejibiwa. Ujue pia kwamba saini hiyo hairudi nyuma. Ukishadai mara moja, utabaki mdai hata ukisema umeghairi.

Sikukatazi. Nilikuamulia ukiwa na miaka 7 kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kuamua, na sitaki kukuamulia mara ya pili. Ndiyo maana barua hii nimeiandika kwa mkono wangu, nimeitia tarehe, na nimeitia saini kwa jina langu lote. Ndani yake nimekiri kwamba nilisaini kwa hofu. Ukiipeleka mbele ya jaji yeyote, itakuwa na uzito kuliko chochote walicho nacho wale watu watatu. Ukiichoma, ile hati itabaki kama ilivyo. Hakuna nakala nyingine.

Yaya aliniletea jino lako mwaka ule ule, limefungwa kwenye kitambaa. Liling'oka kweli, wiki mbili baada ya safari. Ninalo kwenye droo ya kitanda. Sharti la kututenganisha limekwisha siku ulipotimiza miaka 18, na chumba cha pili hapa kina dirisha linalotazama barabara ya kutoka stesheni. Niandikie tu ni treni ya saa ngapi.

Mama yako