Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Kilimo Zanzibar: mbegu ya mpunga isikae foleni

Assalaam alaykum Mheshimiwa. Mie ni dereva, mtoto wa Konde Pemba, naendesha Fuso baina ya bara na visiwani mwaka wa kumi na ngapi sijui, na leo nakuandikia kwa sababu ya viroba vitano tu vya mbegu ya mpunga.

Masika yaliyopita nilipakia Morogoro Jumatatu asubuhi, viroba 250 vya kilo 20, SARO 5, tani 5 kamili. Mwenyekiti wa wakulima wetu alikuwa ananipigia simu kila saa, "mwanangu trekta lishaingia bondeni, kuburuga kunamalizika Ijumaa, uko wapi?" Na alikuwa na haki maana bonde letu mvua kubwa ikishuka maji yanatuama, ukimwaga mbegu hapo inaelea au inaozea chini, na trekta nalo halipiti tena. Kwa hiyo sikulala, nikapita mizani ya Vigwaza jioni, usiku nipo Dar nasubiri meli ya magari ya Jumanne.

Meli ikaondoka bila mie. Namba ya lot kwenye karatasi na namba kwenye lebo za viroba zilipishana tarakimu moja tu, mtu kakosea kuandika, basi ikabidi karatasi irudi ilikotoka ikaandikwe upya, na meli iliyokuwa na nafasi ya gari ni ya Alhamisi. Siku mbili Mheshimiwa! Cementi inaweza kungoja siku mbili, mbegu inapumua, inatoa joto, na joto la Dar mwezi wa tatu unalijua.

Nilichofanya ni kumwambia utingo tufungue turubai ubavuni mchana upepo upite, na kila baada ya saa mbili tatu natia mkono ndani ya viroba vya katikati. Mbegu nzima ukitia mkono unasikia kavu na inateleza vidoleni. Ukisikia uvuguvugu ujue kuna kitu kimeanza. Usiku tukafunga, na usiku wa Jumatano ikapiga mvua moja ya upepo, turubai likainuka pembeni, viroba 9 vikarowa. Tulivitoa usiku ule ule tukaviweka mbali na vyenzake, maana kiroba kibichi kinamwambukiza jirani yake unyevu.

Ijumaa asubuhi tukateremka Mkoani, nikapandisha Chake, nikapita Ole, adhana ya Ijumaa ikanikuta Konde nashusha. Wazee waliniletea maji kabla ya salamu kwisha.

Tukafungua vile 9. Vinne vilikuwa vimetoa kijino cheupe lakini harufu safi. Mzee mmoja akasema msivianike hivyo, mbegu iliyokwisha kuchipua ukiikausha umeiua, ipelekeni kwenye tope leo leo. Wakatengeneza kitalu pembeni ya bonde kabla ya magharibi, na miche ile baadae ikapandikizwa, ikashika vizuri tu. Vitano vilikuwa vya moto, vinanuka kama togwa iliyolala, punje ukiibonyeza inapondeka. Hivyo havikuwa na dawa. Viroba vikavu tulijaribu kama tunavyofanya siku zote, punje 100 kwenye kitambaa kibichi, siku ya saba tukahesabu zilizoota 91, kwa hiyo mzigo ulikuwa mzuri tangu ulikotoka.

Viroba vitano ni kilo 100. Siye tunamwaga kilo 30 hivi kwa ekari, basi ni ekari 3 na kidogo zilizokosa mbegu. Mojawapo ilikuwa ya bi mkubwa mmoja mjane, trekta lishamburugia na pesa keshalipa. Akamwaga mpunga wake wa ndani, wa kula, uliochanganyika. Ukaota huku na kule, mwengine ukatoa masuke mwengine bado kijani, akawa anavuna kwa awamu na ndege wanamtangulia. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma.

Ombi langu Mheshimiwa ni mambo mawili. Karatasi ya mbegu ilinganishwe na lebo pale pale gari linapopakiwa, dereva akiwepo, kabla turubai halijafungwa, na ikionekana kosa bandarini basi lirekebishwe kwa simu siku hiyo hiyo. La pili, kuanzia mwezi wa pili mpaka wa nne gari la mbegu lipewe nafasi ya mwanzo kwenye meli, kama linavyopewa gari la wagonjwa.

Mzigo wa masika yajayo nshaombwa niubebe. Simu yangu mwenyekiti anayo, ukitaka tukae tulizungumze nitakuja wakati wowote utakaonambia.

Ni mie dereva wa mbegu,
Konde, Pemba