Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazijua, sitazirudia. Machapisho ya mitandaoni yalikusanywa, majina ya waandishi yakafutwa, kila chapisho likawekewa lebo ya hisia, yaani chanya, hasi au katikati, na watu wawili, na walipotofautiana akaamua wa tatu. Kichujio cha lugha tulikizima, kwa kuwa kilikuwa kikitupa sentensi zilezile tunazozitafuta: za Kiswahili na Kiingereza kwa pamoja.

Nije kwenye jambo lililozua maneno. Ndiyo, ni mimi niliyeamuru tuache kutangaza asilimia ya majibu sahihi, badala yake tutumie wastani wa F1 wa madaraja yote matatu. Baadhi yenu mlilalamika kuwa alama za modeli zenu zimeporomoka na kwamba sikushauriana na mtu. Mkutano wa kushauriana niliuitisha. Waliofika hawakujaza hata safu ya mbele.

Hesabu yenyewe ni hii. Chukua machapisho 1,000: 700 hayaegemei upande wowote, 200 ni hasi, 100 ni chanya. Modeli inayojibu "katikati" kila mara, bila kusoma hata herufi moja, inapata asilimia 70. Kwa kipimo changu, F1 ya daraja la katikati ni 0.82, madaraja mengine mawili yanapata sifuri, na wastani unakuwa 0.27. Ipi inasema kweli? Modeli ya msingi isiyozidi hapo haijajifunza hisia, imejifunza uwiano wa lebo tu.

Kipimo hicho ndicho kilichofichua tatizo la ukanushi. Modeli inayohesabu maneno mazima huona "nimeenjoi" na "sijaenjoi" kama vitu viwili visivyojuana. Tukahamia vipande vya herufi 3 hadi 5, na hapo "enjoi" ikatambulika popote ilipojificha, nayo "sija" ikavutia upande wa hasi. Vizuri. Lakini "sijaboeka" ilihesabiwa hasi mara mbili, kwa "sija" na kwa "boeka", wakati mwandishi alikuwa amefurahi! Modeli inayojumlisha uzito wa vipande haijui kuwa kimoja kinakigeuza kingine. Ndiyo maana nilisisitiza tujaribu pia modeli za lugha XLM-R na AfroXLMR, zinazosoma kipande pamoja na jirani zake, na ukanushi upimwe kwenye seti yake ya pembeni. Waliopinga wakati ule sasa wanaitumia seti hiyo. Sitawataja.

Ada: zaidi ya nusu yenu hamjalipa, na waweka lebo wanadai. Mwaka ujao tunatumaini kuongeza data, pengine na machapisho ya kejeli, hali ikiruhusu.

Mweka hazina amekaa mlangoni na kitabu cha risiti.

Mwenyekiti