Miaka 15 kwa kijana wa miaka 19

Mhariri,

Nimefanya kazi ya afisa wa probesheni miaka mingi. Mtu akishapatikana na hatia, hakimu alikuwa akinituma nyumbani kwao. Nazungumza na wazazi, na chifu, na aliyetendewa, kisha naandika ripoti kuhusu kama mtu huyu anarekebishika. Kiongozi wa mashtaka huwa ameshaomba adhabu kali ili kosa lilipiwe na wengine waogope. Ripoti yangu ndiyo ilikuwa ikiweka kitu upande wa pili wa mizani.

Mwaka 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu ya Kenya iliondoa ulazima wa hukumu ya kifo kwa kosa la mauaji. Adhabu ya kifo yenyewe imebaki, ila jaji sharti kwanza aangalie umri wa mshtakiwa, kama ni kosa lake la kwanza, kama anajuta, kama anaweza kubadilika. Wengi tulidhani mlango umefunguka kwa makosa yote. Mwaka 2021 mahakama hiyohiyo ikafafanua kwamba uamuzi ule ni wa mauaji tu. Kisha Julai 2024 ikamrudishia miaka 20 mtu aliyemnajisi mtoto, ambaye Mahakama ya Rufaa ilikuwa imempunguzia hadi 15. Kiwango cha chini, ikasema, kimewekwa na Bunge, na jaji hawezi kukishusha.

Kisheria sina ugomvi nao. Tatizo liko kwenye kiwango chenyewe.

Tuseme mbele ya hakimu wamesimama watu wawili. Mmoja ana miaka 45 na amemrubuni binti wa jirani mwenye miaka 17. Mwingine ana miaka 19, na binti wa miaka 17 ni mpenzi wake tangu shuleni. Kesi imeletwa na baba baada ya mimba kuonekana. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Makosa ya Kingono kinawapa wote wawili kisichopungua miaka 15. Yule mzee hakimu anaweza kumwongezea. Huyu kijana hawezi kumpunguzia hata mwezi, labda kumhesabia siku alizokaa rumande. Ripoti yangu itasema anarekebishika, na haitabadilisha chochote. Akitumikia kifungo chote atatoka na miaka 34, na yule mtoto atakuwa amemaliza shule ya msingi bila baba.

Wanaotetea kiwango hiki wana sababu: kabla ya 2006 wanajisi waliachiliwa kwa vifungo vya kuchekesha, na nimewaona. Kwa hiyo siombi kifutwe. Naomba Bunge litenge wale wanaopishana miaka miwili mitatu, pasipo nguvu, hila wala mamlaka, hakimu awe huru kuwapima. Mwalimu, mjomba na mchungaji wabaki palepale walipo.

Afisa wa probesheni mstaafu,
Kilifi