Jina la Tigo Pesa katika maandishi yetu

Ndugu wanakikundi,

Tangu Novemba 2024 Tigo Pesa inaitwa Mixx by Yas, lakini mabango na ankara zetu bado zinachanganya majina hayo, hata wateja wengine wanadhani ni njia mbili tofauti za kulipa. Naomba kila andiko lieleze mara moja tu, pale jina linapotokea kwanza, "Mixx by Yas (zamani Tigo Pesa)", kisha litumie jina jipya peke yake hadi mwisho. Mnapotafuta jina la zamani kwenye kompyuta, tafuteni pia "TigoPesa" bila nafasi, na mkague kwa macho maandishi yaliyo ndani ya picha, kwa kuwa utafutaji hauyaoni. Mikataba iliyosainiwa kabla ya jina kubadilika isiguswe.