Barua ya wazi kwa Afisa Elimu wa Wilaya: Afrika Kusini haina mji mkuu mmoja

Ndugu Afisa Elimu,

YAH: SWALI LA MJI MKUU WA AFRIKA KUSINI KATIKA MTIHANI WA MAARIFA YA JAMII

Mimi ni mzazi wa mtoto wa darasa la sita katika wilaya yako, na kabla ya kustaafu nilifundisha jiografia kwa miaka mingi. Nakuandikia kwa uwazi kwa sababu jambo lenyewe linawahusu wazazi na walimu wengi, na kwa sababu naamini wewe ndiye mwenye uwezo wa kulirekebisha.

Wiki iliyopita mwanangu alirudi nyumbani na karatasi ya mtihani wa ujirani mwema. Swali mojawapo lilisema, "Mji mkuu wa Afrika Kusini ni ______." Nafasi iliyoachwa ingetosha jina moja tu, lakini mtoto alikuwa amebana humo majina matatu kwa herufi ndogo ndogo: Pretoria, Cape Town, Bloemfontein. Amekoseshwa kwa kalamu nyekundu, na pembeni mwalimu ameandika, "Jibu ni moja." Mtoto ameniuliza kama nilimfundisha uongo. Simlaumu mwalimu, kwa sababu alisahihisha kwa mwongozo aliopewa. Ninachoomba ni kwamba swali la namna hiyo lisiulizwe tena, nami nitaeleza kwa nini.

Tumezoea kuamini kwamba mji mkuu ni pale anapokaa Rais, na kwamba Bunge na mahakama ya juu lazima viwe jirani naye. Hakuna sheria ya dunia inayolazimisha hivyo. Dola ina mihimili mitatu, yaani Serikali, Bunge na Mahakama, na zipo nchi ambazo kila mhimili umepewa mji wake, au miwili imewekwa pamoja na wa tatu ukaachwa kwingine. Mara nyingi utakuta chanzo chake ni ugomvi: pande mbili au tatu zilitaka kuungana, hakuna iliyokubali kuhamia kwa mwenzake, wakagawana. Afrika Kusini ni mfano ulio wazi kuliko yote ninayoijua.

Vita vya Waingereza na Makaburu vilikwisha mwaka 1902, vikaacha makoloni manne yote chini ya bendera ya Uingereza: Koloni la Rasi, Natal, Transvaal na lile la Mto Orange. Mawili ya mwisho yalikuwa jamhuri za Makaburu zilizoshindwa vitani, na makovu yalikuwa bado mabichi. Oktoba 1908 wajumbe wa makoloni hayo walikutana Durban kuandaa katiba ya nchi moja, na hoja ya mji mkuu ikawa miongoni mwa hoja ngumu kabisa. Cape Town ilikuwa na bunge lake tangu 1854, na watu wake hawakuona sababu ya kulipoteza. Pretoria ilikuwa makao ya jamhuri ya Transvaal, na karibu nayo ndipo ilipokuwa dhahabu ya Witwatersrand, iliyobeba uchumi wote wa nchi iliyokuwa inazaliwa. Kuipa Cape Town kila kitu kungeonekana na Makaburu kama kushindwa mara ya pili. Kuipa Pretoria kila kitu kungewafanya watu wa Rasi wajione wamemezwa na wale walioshindwa vitani.

Walichofanya ni kuukata mji mkuu vipande. Sheria ya Afrika Kusini ya mwaka 1909, iliyopitishwa na Bunge la Uingereza, iliweka makao ya Serikali Pretoria, makao ya Bunge Cape Town, na mahakama ya rufaa Bloemfontein, mji uliokuwa makao ya Koloni la Mto Orange. Pietermaritzburg, makao ya Natal, haikupata mhimili wowote. Sheria hiyohiyo ikaamuru kwamba Pietermaritzburg na Bloemfontein zilipwe fidia kutoka hazina ya taifa kwa muda usiozidi miaka 25, kila mwaka asilimia 2 ya madeni ya halmashauri za miji hiyo, kwa sababu zingepoteza biashara na thamani ya viwanja kwa kuacha kuwa makao ya serikali. Kifungu hicho hunigusa kila ninapokikumbuka, kwa sababu kinaonyesha kwamba wajumbe wale walijua wanagawana riziki za miji, siyo heshima tu. Nchi mpya ilianza tarehe 31 Mei 1910.

Ni lazima niseme hapa, Ndugu Afisa Elimu, kwamba wajumbe wote wa mkutano ule walikuwa Wazungu. Waafrika walikutana peke yao Bloemfontein Machi 1909 kupinga rasimu iliyowanyima haki, wakatuma ujumbe London, wasisikilizwe. Kwa hiyo tunapomfundisha mtoto kwamba miji ile mitatu ililetwa na maridhiano, tumwambie pia ni maridhiano ya akina nani. Wenye nchi hawakuulizwa.

Sasa kila mji unafanya nini? Pretoria ndiko yaliko makao makuu ya wizara, na ofisi ya Rais imo katika yale majengo marefu yenye mabawa mawili yaliyojengwa juu ya kilima mara baada ya muungano. Balozi za nchi za nje ziko hukohuko, na hii ndiyo sababu vitabu vingi vikibanwa vitaje mji mmoja hutaja Pretoria. Cape Town ndiko wanakokutana wabunge 400 pamoja na lile baraza la majimbo lenye wajumbe 90. Muswada wa sheria huandaliwa na watumishi wa wizara Pretoria, hujadiliwa na kupigiwa kura Cape Town, kisha hurudi kwa Rais kutiwa saini. Kati ya miji hiyo miwili pana kilometa kama 1,450 kwa barabara, karibu sawa na kutoka Dar es Salaam hadi Bukoba. Waziri huwa na ofisi pande zote mbili, na wakati wa vikao hupanda ndege yeye na wasaidizi wake, wakienda na kurudi.

Kuhusu Bloemfontein, hata wanaojua majina yote matatu huwa wanakosea kidogo. Mahakama ya rufaa ipo pale hadi leo, lakini si ya mwisho tena. Baada ya ubaguzi wa rangi kuondolewa iliundwa Mahakama ya Katiba, ikawekwa Johannesburg, na jengo lake limejengwa kwenye eneo la gereza la zamani walimofungwa wapinzani wa utawala ule. Tangu marekebisho ya katiba yaliyoanza kutumika mwaka 2013, mahakama hiyo ndiyo ya juu katika mashauri yote, si ya kikatiba peke yake. Chukua kesi ya mwanariadha Oscar Pistorius, ambayo wengi tuliifuatilia. Septemba 2014 Mahakama Kuu ya Pretoria ilimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia. Waendesha mashtaka wakakata rufaa, na Desemba 2015 majaji wa Bloemfontein wakabadilisha hukumu kuwa ya mauaji ya kukusudia. Naye akaomba ruhusa ya kukata rufaa kwenye Mahakama ya Katiba, ikamkatalia mwaka 2016, na jalada likarudi Pretoria kupangiwa adhabu. Shauri moja limepita miji mitatu, na mmojawapo, Johannesburg, hautajwi kabisa katika orodha ya miji mikuu.

Katiba yao ya mwaka 1996 nayo ina jambo la kuzingatia. Kifungu cha 42 kinasema makao ya Bunge ni Cape Town, na papo hapo kinaruhusu Bunge lenyewe kuyahamishia kwingine kwa kutunga sheria. Mlango huo umeachwa wazi na umeshagongwa. Februari 2016 Rais Jacob Zuma aliliomba Bunge lifikirie suala hilo, akieleza kuwa kuendesha miji miwili ni gharama kubwa. Januari 2022 jengo la Bunge liliungua, na hoja ya kuhamia Pretoria ikaibuka upya. Hata hivyo, mwezi uliofuata Rais Cyril Ramaphosa alihutubia wabunge palepale Cape Town, katika Ukumbi wa Jiji. Kwa maoni yangu ugumu wa kuhama si majengo. Mji uliopewa mhimili wa dola kama sehemu ya mapatano hauuachii kwa hesabu ya nauli za ndege, kwa kuwa familia, biashara na hadhi yake vimekua juu ya mapatano hayo kwa zaidi ya karne.

Bolivia ina habari inayofanana na hiyo. Sucre ndio mji mkuu kwa mujibu wa katiba, na mahakama ya juu iko huko, ilhali Serikali na Bunge viko La Paz tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1898 hadi 1899. Uholanzi ni kinyume cha mazoea yetu: Amsterdam huitwa mji mkuu, na humo ndimo mfalme huapishwa, lakini Serikali, Bunge na mahakama ya juu vyote viko The Hague.

Naomba tusizichanganye nchi hizo na yetu. Dodoma na Dar es Salaam hazikugawana mihimili kwa mapatano. Sisi tuliamua mwaka 1973 kuhama, tukahama polepole mno, na mwaka 2018 ikatungwa sheria ya kuitangaza Dodoma kuwa Makao Makuu ya nchi. Dar es Salaam kuitwa jiji la biashara ni maelezo ya shughuli zake. Mtoto anayeweza kutofautisha nchi iliyo safarini kutoka mji mmoja kwenda mwingine na nchi iliyogawa mji mkuu kwa makusudi, huyo ameelewa somo.

Maombi yangu ni mawili. Kwanza, mwongozo wa kusahihisha urekebishwe, na wanafunzi wote walioandika majina matatu, au walioandika Cape Town au Bloemfontein peke yake, warudishiwe alama yao. Pili, kwenye mtihani ujao swali liandikwe hivi: "Taja mji yalipo makao ya Serikali, mji yalipo makao ya Bunge na mji ilipo Mahakama ya Rufaa ya Afrika Kusini." Kwa darasa la saba iongezwe sehemu ya pili: "Eleza sababu moja iliyofanya miji hiyo igawane kazi." Nafasi za kujibia ziwe nne, na mistari ya sehemu ya pili iwe mirefu ya kutosha.

Nakala ya karatasi ya mwanangu nimeiacha kwa mtunza masjala wa ofisi yako, na jina la shule nimelifunika.

Wako katika elimu,

Mzazi na mwalimu mstaafu