Ujumbe wa Bi Ukindu

Malindi, 2 Februari

Kwa dada yangu Salma,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumaini wewe na watoto hamjambo, na mguu wa mama umepata nafuu. Sisi huku Shela tu wazima, kaskazi inavuma, na mama Rukia alirudi juzi; habari zake nitakuandikia siku nyingine, kwa sababu leo nina jambo moja linaloninyima usingizi, na wewe uliye Lamu ndiwe unayeweza kunisaidia.

Unamkumbuka Bi Ukindu, niliyekutajia kwenye arusi ya mwana wa Athumani? Leo ni siku ya 24 sijapata neno lake. Siku ile nilikusimulia nusu tu, basi niruhusu nianze mwanzo, ili uelewe kwa nini mtu ambaye sijapata kumwona machoni ananitia wasiwasi kiasi hiki.

Mwaka jana, mwezi wa Machi, nilikuwa nikisahihisha madaftari baada ya magharibi, ukaingia ujumbe kutoka namba nisiyoijua: “Ukindu uloniletea ni mbiti. Mafungu sita yote. Sisuki. Niletea mkavu au nirejeshea pesa zangu.” Nilijibu kwamba mimi ni mwalimu wa Malindi na siuzi ukindu, na kwamba nasikitika kwa hasara iliyompata. Baadaye tuligundua kwamba namba ya mwuzaji wake iliishia na 6, yangu ikaishia na 9, na tarakimu nyingine zote zilikuwa sawa. Akaniomba radhi, akaniombea dua, na mambo yangeishia hapo kama nisingeuliza swali moja: kwani ukindu mbichi una ubaya gani, ikiwa hata mkavu hulowekwa maji kabla ya kusukwa?

Jibu lilichukua siku mbili. Lilikuja vipande vipande, kwa kuwa ujumbe ukizidi herufi 160 simu yake huukata, na kipande cha mwisho kilinifikia kabla ya cha kwanza. Alieleza kwamba maji ya kulainisha ni ya juujuu, hukauka jioni ile ile, lakini maji ya jani bichi yamo ndani ya mwili wake. Ukilisuka hivyo, ukili huonekana umekazana vizuri, kisha baada ya wiki chache jani husinyaa na kila mshono huachama. Ndiyo maana makuti ya mkindu huanikwa kwanza mpaka yageuke rangi, ndipo yachanwe, yachemshwe na rangi, yaanikwe tena. Aliniambia hupima kwa kukunja jani kidoleni: likibaki na alama nyeupe bila kutoa unyevu, liko tayari.

Nami, kwa mazoea ya darasani, nikamfanyia hesabu. Alisema ukili wake una upana wa inchi 3, na mkeka wa futi 6 kwa 4 huutengeneza kwa kuunganisha vipande 16 vya urefu wa pima moja moja. Nikamwandikia kwamba kila kipande kikisinyaa robo inchi tu, mkeka mzima utapoteza inchi 4. Akanijibu: “Mwalimu, hiyo ni hesabu ya miaka yangu yote na hakuna aliyepata kuniandikia.” Tangu siku ile akaniita Mwalimu, nami nikaihifadhi namba yake kwa jina la Bi Ukindu. Ujumbe ukawa unakuja kila jioni ya Jumamosi: bei ya ukindu unaotoka upande wa Mto Tana, baridi ya kusi, mtoto wa jirani aliyezaliwa. Mimi nilimweleza mambo ambayo hata wewe sikukueleza, Salma, ya mwezi ule baba alipolazwa, na yeye hakunipa nasaha. Aliniuliza tu kila wiki baba amekula nini.

Kaka yangu hakupendezwa. Alisema matapeli wa siku hizi huanza kwa kukosea namba. Hoja yake ilikuwa na uzito, kwa sababu Bi Ukindu alikuwa amenikataza kupiga simu akisema masikio yake ni mazito. Nilichomjibu ni kwamba tapeli ana haraka, na kila njia anayopita humwelekeza kwenye pesa, ilhali huyu alikuwa amekaa miezi mitano bila kuniomba hata shilingi. Kisha mwezi wa Agosti nilimwagiza mkeka, nikataka kumtumia malipo kwa simu, na kabla sijathibitisha likatokea jina la mwenye laini: jina la msichana, ambalo halikufanana kabisa na lake. Nilisitisha malipo. Siku nne sikumwandikia, na kila nilipoishika simu nilihisi kama niliyefiwa.

Mwishowe nilimuuliza waziwazi. Alinijibu usiku ule ule: “Laini ni ya mjukuu wangu. Mimi herufi za kizungu sizijui. Mimi nasema, yeye huandika, kisha hunisomea lako sikioni. Nilidhani unajua.” Ndipo nikaelewa kwa nini ujumbe ulikuja Jumamosi, na kwa nini mara nyingine palikuwa na neno la kitoto katikati ya maneno ya mtu mzima. Kumbe muda wote ule nilikuwa na marafiki wawili.

Nilituma pesa, na mkeka ukaja kwa basi la Mokowe, umeviringwa na kufungwa kwa kamba ya mnazi. Uko chini ya miguu yangu ninapoandika. Ukili una rangi ya zambarau na kijani, na mahali pamoja karibu na pindo miyaa mitatu imebaki bila rangi. Aliniambia hapo ndipo alipofika baba alipotoka hospitali, akaiacha iwe alama. Umepita mwezi wa tano sasa na hakuna mshono ulioachama.

Ujumbe wa mwisho ulikuja tarehe 9 Januari, ukisema mjukuu anaingia shule ya bweni. Tangu hapo simu imezimwa. Nikitulia hujiambia kwamba msichana ameondoka na laini yake, au simu imewekwa kabatini kwa kuwa shuleni hairuhusiwi, na bibi hana tena wa kumwandikia. Usiku nawaza mengine, kwa sababu katika ujumbe ule ule alitaja kifua.

Basi ombi langu ni hili. Yuko Kipungani, na nilichonacho ni jina lake tu, ambalo nimeliandika nyuma ya bahasha. Ndani ya bahasha kuna barua yake, nayo nimeiandika kwa herufi za Kiarabu, kwa kuwa wakati wa Ramadhani aliniambia kwamba chuoni alisoma na hadi leo hujisomea mashairi ya Kiswahili kwa hati hiyo. Sijaandika hivyo tangu utotoni. Irabu zimenisumbua, maana kasra moja husomeka “i” au “e”, na naogopa “mkeka” utakuwa “mkika”. Wewe hati yako ilisifiwa na Maalim. Tafadhali ipitie na uirekebishe kabla hujampa.

Je, utapata nafasi ya kwenda wiki hii, au nimwombe Athumani? Mashua ya Kipungani siku hizi inaondoka saa ngapi, na nauli ni kiasi gani nikutumie? Ukimkuta, utamsemea karibu na sikio la kulia? Anakohoa? Amepata ukindu mkavu? Na je, mbona hujaniambia kama wewe mwenyewe umepona?

Muulize kama yuko tayari tuandikiane kwa hati hiyo, barua zikipitia kwako. Karatasi nimeshanunua.

Ni mimi ndugu yako,
Mwanajuma