Kwa vijana wa darasa la jioni: nani aliukusanya Msahafu?

Wanangu, assalamu alaykum.

Juzi mmoja wenu aliniambia Qur'ani iliandikwa na Sayyidna Uthman. Sikumkemea, maana hata watu wazima huchanganya mambo haya. Zilikuwa kazi mbili, na kila moja ilikuwa na sababu yake.

Mtume (s.a.w.) alipofariki, Qur'ani yote ilikuwa imehifadhiwa vifuani na imeandikwa, ila kwa vipande vipande: kwenye makuti ya mitende, mawe membamba, ngozi na mifupa. Haikuwa imefungwa pamoja. Kisha vita vya Yamama, karibu na mwaka 12 Hijria, vikaua mahafidhi wengi. Umar akamwendea Abu Bakr, akamwambia Qur'ani ikusanywe. Abu Bakr alisita: vipi afanye jambo ambalo Mtume hakulifanya? Umar hakuacha kumrejea mpaka akakubali.

Kazi akapewa Zayd bin Thabit, kijana aliyekuwa akimwandikia Mtume wahyi. Zayd alisema kuhamisha mlima kungekuwa kwepesi kwake kuliko kazi hiyo. Naye alikuwa hafidhi! Angeweza kukaa chini akaandika kwa kichwa chake, lakini hakufanya hivyo. Alitafuta maandishi, akayalinganisha na yaliyohifadhiwa. Aya mbili za mwisho za Sura ya Tawba alizikuta kwa Abu Khuzayma Al-Ansari peke yake. Hapa ndipo wengi hujikwaa. Maulamaa wanaeleza kuwa hakuzipata kwa mwingine zikiwa zimeandikwa. Vifuani zilikuwamo kwa wengi, Zayd mwenyewe akiwamo. Kurasa zote alizozikusanya Zayd zikakaa kwa Abu Bakr, kisha kwa Umar, kisha kwa bintiye Hafsa.

Enzi za Uthman, tatizo lilikuwa jingine kabisa. Hudhayfa bin Al-Yaman alirudi kutoka vitani Armenia na Azabajani akiwa na hofu: watu wa Sham na wa Iraki walikuwa wakigombana juu ya usomaji. Uthman akaziazima kurasa za Hafsa, akamweka Zayd pamoja na Makureshi watatu kuzinakili, akawaagiza wakihitilafiana na Zayd waandike kwa lahaja ya Kikureshi. Walipomaliza, kurasa zikarudishwa kwa Hafsa, nakala zikapelekwa mijini, na maandishi mengine yakaamriwa yachomwe.

Sasa chukueni kalamu. Andikeni kijino kimoja cha herufi katikati ya neno, bila nukta. Ni ba? Ta? Tha? Nuni? Ya? Misahafu ile ndivyo ilivyoandikwa, haina nukta wala irabu. Hizo zilikuja baadaye. Kwa hiyo nakala peke yake haikumtosha mtu asiyejua. Ilibidi awepo msomaji aliyeipokea kwa mdomo kutoka kwa mwalimu wake, amsikilize mwanafunzi na kumsahihisha, kama ninavyowasahihisha nyinyi kila Alhamisi mnaponikasirikia.

Babu yenu wa msikitini